Kutangaza kitabu kilichotumika: toleo, hali, lugha na ISBN

Anayenunua kitabu bila kukishika mkononi anategemea maneno ya muuzaji peke yake. Makosa mengi hutokea pale muuzaji anapoandika namba ya ISBN, mtandao ukamletea jina, picha na mwaka, naye akayakubali yote bila kufungua kitabu chenyewe. ISBN inakitambulisha kitabu kama kilivyotolewa na mchapishaji. Nakala uliyonayo haiijui: haijui kama imelowa, imekatika ukurasa au imechapishwa mwaka gani. Kwa hiyo kazi ianzie kwenye kitabu, na mahali pa kuanzia ni ukurasa wa haki, ambao kwa kawaida uko nyuma ya ukurasa wa jina.

Tuchukue kitabu cha kiada cha kemia chenye maneno haya kwenye ukurasa huo: "Toleo la kwanza 1998. Toleo la pili 2006. Kimechapishwa tena 2007, 2009, 2011." Wauzaji wengi hapa huandika "toleo la 2011", na wapo wanaohesabu miaka yote wakaandika "toleo la tano". Yote mawili si sahihi. Hili ni toleo la pili, la mwaka 2006. Mwaka 2011 mchapishaji alirudisha mitamboni kitabu kilekile, sura zilezile, maswali yaleyale na kurasa zilezile, ili kuongeza nakala. Ukihesabu chapa ya kwanza ya 2006 na tatu zilizofuata, nakala hii ni ya chapa ya nne. Mwanafunzi aliyeambiwa atafute toleo la pili itamfaa ya 2006 na hii ya 2011 sawasawa, lakini ya 1998 haitamfaa hata ikiwa mpya kabisa. Ukimwandikia "toleo la 2011" atadhani kuna toleo jipya asilolijua, atalipa, kisha atarudisha kitabu.

Baadhi ya wachapishaji hawaandiki miaka ya chapa, bali huweka safu ya namba kama 10 9 8 7 6 5 4. Namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo chapa, hivyo hapo ni chapa ya nne. Safu nyingine huwa zimepangwa kwa kupishana, ndogo zikiwa pembeni na kubwa katikati. Kanuni haibadiliki: tafuta iliyo ndogo.

Sasa ISBN. Tangu Januari 2007 ina tarakimu 13, na kabla ya hapo ilikuwa na 10. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi: inatokana na hesabu ya zile zilizotangulia, ili kosa la kunakili ligundulike. Ndiyo maana kubandika 978 mbele ya namba ya zamani hakutoshi. Chukua 0-306-40615-2, namba inayotumika sana kufundishia. Ukiandika 9780306406152 umekosea. Ondoa ile 2 ya mwisho, weka 978 mbele, kisha zidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa kupokezana na ujumlishe:

```
9   7   8   0   3   0   6   4   0   6   1   5
x1  x3  x1  x3  x1  x3  x1  x3  x1  x3  x1  x3
9 + 21 + 8 + 0 + 3 + 0 + 6 + 12 + 0 + 18 + 1 + 15 = 93
100 - 93 = 7
```

Kutoka 93 hadi kumi inayofuata, yaani 100, pamebaki 7. Namba sahihi ni 9780306406157. Jumla ikiishia na sifuri yenyewe, tarakimu ya ukaguzi ni 0. Katika namba za tarakimu 10 unaweza kukuta herufi X mwishoni; inasimama badala ya kumi, usiiache.

Ukaguzi huu hukamata tarakimu yoyote moja iliyokosewa, ila una tundu. Ukipindua tarakimu mbili jirani zinazotofautiana kwa 5, hesabu inakubali. Katika namba yetu 6 na 1 zimekaa jirani. Ukiandika 9780306401657 mfumo utaipokea bila kulalamika, na mnunuzi anaweza kuletewa kitabu kingine. Kwa hiyo baada ya kuandika, linganisha jina linalotokea na lile la ukurasa wa jina.

Kuna jambo jingine kwenye ukurasa wa haki. Jalada gumu na jalada la karatasi vina ISBN tofauti, na kitabu cha juzuu kadhaa huweza kuwa na namba ya seti nzima pamoja na namba ya kila juzuu. Zikiorodheshwa kadhaa, chukua ile inayolingana na kilicho mkononi. Angalia pia msimbopau nyuma ya jalada, maana maduka hubandika stika yao juu yake, na namba ya stika inaweza isiwe ISBN. Kitabu cha zamani kisicho na ISBN kiachwe bila ISBN. Usikiazimie ya toleo la baadaye. Andika mchapishaji, mji, mwaka na idadi ya kurasa.

Lugha nayo isisomwe kwenye ISBN. Tarakimu zinazofuata 978 huonyesha kundi la nchi au eneo la mchapishaji: 9966 ni kundi la Kenya na 9976 la Tanzania, lakini vitabu vya makundi hayo viko vya Kiswahili, vya Kiingereza na vya lugha nyingine. Fungua katikati ya kitabu usome. Kama ni tafsiri, taja lugha ya matini na lugha ya asili. Kamusi au kitabu cha lugha mbili, taja zote mbili.

Hali ndiyo yenye ugomvi mwingi, kwa sababu maneno ya madaraja yana maana yake katika biashara hii. "Kama kipya" ni kitabu kisicho na dalili ya kusomwa. "Kizuri sana" kina uchakavu mdogo. "Kizuri" ni kitabu kilichochakaa kwa kusomwa lakini kimekamilika. "Cha wastani" kimechakaa sana ila matini yote ipo. Kilichopungua ukurasa wa matini kisipewe daraja lolote la juu ya "kibovu", hata jalada ling'ae. Na daraja peke yake halitoshi. Taja kasoro na mahali ilipo. Pitisha kurasa zote chini ya mwanga, kagua mgongo na mishono, kisha nusa. Madoadoa ya kahawia ya uzee ni kasoro ya kutajwa tu. Ukungu wenye unyoya na harufu ni jambo zito zaidi, kwa kuwa huenea kwenye vitabu vingine vya mnunuzi. Mihuri ya maktaba hutajwa kila mara, daraja liwe lolote.

Kitabu chetu cha kemia kingeandikwa hivi:

"Toleo la pili (2006), chapa ya nne (2011). Jalada la karatasi. Lugha: Kiingereza. ISBN imenakiliwa kutoka ukurasa wa haki na kukaguliwa. Hali: kizuri. Kurasa zote zipo. Mistari ya penseli uk. 12–40, jina la mwenye awali limeandikwa kwa wino ndani ya jalada, mgongo una mkunjo mmoja, hakuna ukungu. Picha ni za nakala hii."

Sentensi ya mwisho iandikwe tu kama ni kweli. Picha ya jalada iliyochukuliwa mtandaoni huweza kuonyesha toleo jingine, na mnunuzi huamini picha kabla ya maneno. Piga tatu: jalada, ukurasa wa haki, na kasoro kubwa kuliko zote.