Mauzo makubwa peke yake hayapandishi kikomo cha ovadrafti

Mwanzoni mwa Oktoba mteja wangu mmoja, mama anayeyauzia mahoteli ya Malindi na Watamu mchele, unga, sukari na mafuta ya kupikia, aliniletea ofisini barua aliyokusudia kumpelekea meneja wake wa uhusiano benki. Alitaka kikomo cha ovadrafti yake, yaani kiasi ambacho benki humruhusu kutoa kupita fedha zilizo katika akaunti, kipandishwe kutoka shilingi 1,500,000 hadi 2,500,000. Barua ilikuwa ya kurasa mbili, na hoja yake yote ilikuwa sentensi moja iliyopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu: mauzo yamepanda kwa asilimia 50. "Mwanangu," akaniambia, "mauzo yamepanda nusu nzima, watanikatalia kwa lipi?" Maneno hayo nimeyasikia kwa wafanyabiashara wengi mno, na kila mara inanibidi nianze upya kueleza kwa nini hayatoshi.

Dhana: Mauzo yakipanda, benki haina budi kupandisha kikomo.

Ukweli ni kwamba benki haikopeshi mauzo. Ovadrafti ipo ili kuziba pengo la siku kati ya fedha kutoka na fedha kurudi, na anayeiandikia benki sharti aoneshe pengo hilo ni la siku ngapi, limeongezeka kwa sababu gani, na litafungwa na fedha ipi. Mauzo yaliyopanda bila maelezo hayo humtia afisa wa mikopo wasiwasi, kwa maana biashara nyingi hukwama wakati ule ule zinapokua, ankara zikiwa nyingi na akaunti ikiwa tupu.

Tulikaa na daftari lake la wadaiwa na taarifa za akaunti za miezi mitatu. Kuanzia Julai hadi Septemba aliuza kwa wastani wa shilingi 3,600,000 kwa mwezi, ilhali miezi hiyo hiyo mwaka uliotangulia wastani ulikuwa 2,400,000. Nyongeza yote ilitokana na mahoteli mawili mapya. Bidhaa zenyewe humgharimu asilimia 80 ya bei anayouzia, kwa hiyo kila siku anaweka shilingi 96,000 katika mzigo. Mzigo hukaa ghalani siku 10, mahoteli hulipa baada ya siku 45, nao wauzaji wa jumla wa Mombasa humpa siku 21 za kulipa. Jumlisha 10 na 45, toa 21, na unabaki na siku 34 ambazo fedha yake iko nje.

Siku 34 kwa shilingi 96,000 ni shilingi 3,264,000. Mtaji wake mwenyewe katika mzunguko huo ni 900,000, basi kinachobaki cha kuzibwa ni 2,364,000. Kwa mauzo ya mwaka uliotangulia, hesabu hiyo hiyo inaleta 1,276,000, ambayo kikomo cha zamani kiliimudu bila shida. Hapo ndipo ombi la 2,500,000 linapopata miguu ya kusimamia, kwa sababu msomaji anaona namba imetoka wapi.

Nilimuuliza amewezaje kufanya kazi miezi mitatu kwa kikomo kisichotosha. Alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba amekuwa akiwalipa watu wa Mombasa siku ya 30 badala ya 21, na kwamba mmoja wao ameshatishia kumnyima mzigo wa mkopo. Ukipunguza pengo hadi siku 25, hesabu inakuja 1,500,000 kamili, yaani alikuwa amegota kwenye kikomo na kuwabebesha wauzaji wake kilichobaki. Jambo hilo hakuliandika popote, akiona ni aibu, ilhali ndilo linaloeleza hundi yake moja iliyorudi Septemba, ambayo benki tayari inaijua. Tuliiandika wazi, na aya ya katikati ya barua ikawa hivi:

"Kikomo cha sasa kimetumika chote tangu Agosti kwa sababu mahoteli mawili mapya hulipa baada ya siku 45, nasi tunapaswa kuwalipa wauzaji wetu ndani ya siku 21. Hundi iliyorudi Septemba ilitokana na pengo hilo, na imeshalipwa. Mei, mauzo yanaposhuka hadi takriban shilingi 1,000,000 na madeni ya msimu yanapokusanywa, tunatarajia akaunti kurudi juu ya sifuri, kama taarifa za Mei iliyopita zinavyoonesha."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoisisitiza kwa kila mteja. Afisa wa mikopo huangalia kama akaunti inapanda na kushuka. Ikiwa kwa miezi sita haijawahi kupungua chini ya deni la milioni moja, basi milioni hiyo si ya mzunguko tena, na benki itataka igeuzwe mkopo wa kulipwa kwa mafungu. Huku kwetu, mahoteli hujaa kuanzia Desemba hadi Machi na mengi hupunguza kazi mvua za masika zinapoanza, hivyo mwezi mbaya wa mauzo unaweza kuwa ushahidi mzuri kuliko wote. Wateja huniomba niufiche, nami hukataa kabisa.

Dhana: Benki itaamini hesabu zangu nilivyoziandika.

Italinganisha barua na fedha zilizoingia katika akaunti, baada ya kuondoa uhamisho kutoka akaunti zako nyingine, fedha za mikopo na hundi zilizorudi. Akaunti ya mama huyu iliingiza wastani wa 2,700,000 kwa mwezi, pungufu ya mauzo kwa 900,000. Kati ya hizo, 400,000 zilikuwa ankara za mahoteli mapya ambazo hazijafikia siku ya kulipwa, na 500,000 zililipwa kwa M-Pesa katika simu yake, naye akazituma Mombasa moja kwa moja bila kupitia benki. Tofauti hiyo iliandikwa katika barua, pamoja na ahadi kwamba malipo yote sasa yataingia katika akaunti. Tuliambatisha pia orodha ya wadaiwa iliyopangwa kwa umri wa madeni, kwa kuwa jumla ya deni haioneshi kama hoteli fulani imekaa siku 90 bila kulipa. Mauzo ya barua yakipishana na yale uliyopeleka KRA, usitume barua kabla ya kupata sababu.

Dhana: Meneja wangu ananijua, ndiye atakayeamua.

Kwa ombi la kiasi hiki, kwa kawaida meneja wa uhusiano huandaa pendekezo, na wanaoamua ni watu wa idara ya mikopo ambao hawajawahi kukuona. Mwandikie hesabu anazoweza kuzinakili kama zilivyo. Aya ya miaka kumi na tano ya uaminifu tuliifuta.

Dhana: Omba mara mbili ya unachohitaji, watakupunguzia.

Ukiomba 5,000,000 huku hesabu yako inasema 2,364,000, unaonesha kwamba hujui unachohitaji. Tena, kikomo kikizidi kiasi kilichoandikishwa kwenye dhamana ya hati ya ardhi, kuna gharama za wakili na ushuru wa stempu za kuongeza dhamana hiyo.

Dhana: Ovadrafti inaweza kununulia gari la mizigo.

Gari halirudishi fedha ndani ya siku 34. Omba mkopo wake peke yake, kwa barua nyingine.

Dhana: Nitaandika kikomo kitakapokwisha.

Uchunguzi wa ombi huchukua wiki kadhaa, na mzigo wa Desemba huagizwa Novemba. Mama huyu alichelewa kwa miezi miwili, kwa hiyo barua yake iliomba pia nyongeza ya muda mfupi ya shilingi 500,000 hadi mwisho wa Januari, iamuliwe kwanza wakati ombi kubwa likiendelea kuchunguzwa.