Keshakwenda shamba: wanayoambiwa wageni kuhusu Kiswahili cha Unguja, na kilivyo chenyewe

Tulikuwa na jirani hapa Mikunguni, kijana wa Kijerumani alopanga chumba nyumba ya tatu, kasoma Kiswahili miezi sita Arusha, na msije mkadhani alikuwa mbovu, ngeli zake zimenyooka kuliko za watoto wetu. Siku moja kaja kumuulizia mama mdogo. Mlangoni kamkuta mtoto, mtoto kamjibu "Keshakwenda shamba" na mpira wake kaondoka. Mgeni akakaa barazani kusubiri. Adhana ya laasiri ikapita, bado yupo. Nilipofika namuuliza vipi yakhe, ananambia mama anakwenda shamba kesho kwa hiyo leo yumo ndani, labda amelala. Mama mdogo mwenyewe yuko Bumbwini tangu asubuhi na harudi mpaka keshokutwa.

Sasa hapo pana makosa mawili na yote mawili yanatokana na vitu alivyoambiwa kabla hajapanda boti.

"Wazanzibari wanasema haraka mno"

Hii kila mgeni anaileta. Haraka ipo kidogo, sikatai, lakini ukitupunguza mwendo bado hutotufahamu, kwa sababu kinachokupiga chenga ni silabi zilizomezwa. Yule mtoto alisema *kesha*, mgeni kasikia *kesho*. Kitabuni kafunzwa "ameshakwenda", na sisi huku badala ya *ame-* ya mtu mmoja tunatia *ka-*: kafika, kalala, kanunua, maana yake amefika, amelala, amenunua. Ikiingia ile -sha- inakuwa keshafika, keshalala, keshakwenda. Ni huyo mmoja tu lakini, ukisema wao inarudi kuwa wameshafika au washafika.

Tatizo la mwanafunzi ni kwamba *ka* anayoijua ni ile ya hadithi, "akaenda, akanunua, akarudi", basi akisikia kanunua anadhani hadithi imeanzia katikati. Angalia kilichotangulia. Ya hadithi ina mtu mbele yake: akanunua, nikanunua. Ikiwa *ka* ndo imefungua neno, tazama mwisho: *kanunua* na a, yule bwana keshanunua, mambo yamekwisha. *Kanunue* na e, hapo unatumwa wewe, toka uende dukani. Herufi moja, na nshamuona mtu anatumwa mkate akajibu "aa vizuri" akaendelea kunywa chai.

Na mimi mwenyewe hapo juu nimeandika nshamuona. Ile *ni* ya nafsi ya kwanza huku inabaki n tu: ntakuja, nshakula, nkampa. Usisubiri kusikia "nita-", haitokuja. Na ukivuka kwenda Pemba utakutana na n nyengine, kule mtu anakuwa ntu na mtoto anakuwa ntoto, basi mtu akikwambia "ntampa ntoto" n ya kwanza ni mimi na ya pili ni ile m ya mtoto. Bara wao mara nyingi wanakwenda upande wa pili kabisa, wanaitia u, mutu, mutoto, ndo maana sikio la alotoka huko linasubiri silabi ambayo haipo. (Kusema kweli kafika na kalala hata Dar utazisikia, hatukuzifungia kisiwani.)

"Kiswahili sanifu ndo Kiunguja, kwa hiyo ukijua kitabu utaongea na kila mtu huku"

Nusu kweli. Mwaka 1928 walikutana Mombasa wakakichagua Kiunguja kiwe msingi wa sanifu, Kimvita cha Mombasa kikaachwa, na 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia vitabu na kamusi. Lakini Kiunguja kilochukuliwa ni cha mjini, tena kikachongwa ili kiandikike. Nenda Makunduchi kusini wazee wakizungumza Kikae chao, hata sisi wa mjini tunabaki kutoa macho. Sasa huyo wa kitabu!

"Th, dh na gh ni mbwembwe za Kiarabu, mwanafunzi aziruke"

Hii huwa inanikera kidogo. Ni kweli maneno yenye sauti hizo karibu yote yametoka Kiarabu, na ni kweli sehemu nyingi za bara s, z na g zinachukua nafasi zao, selasini, zahabu, gali, na watu wanaelewana vizuri tu. Ila huku zinatenga maneno. Thamani ni bei ya kitu, samani ni makochi na makabati. Dhana ni wazo, zana ni nyundo na msumeno, kwa hiyo ukisema unaandika kuhusu "zana potofu" mtu wa Unguja anadhani una msumeno uliopinda.

Yule jirani shida yake ilikuwa kamusi. Kasikia Arusha "kuzarau" kaandika hivyo hivyo daftarini, kaitafuta kwenye z hakuiona, akaniuliza neno gani hili halimo. Limo, lipo kwenye dh: kudharau. Basi ukikosa neno kwenye z jaribu dh, ukikosa s jaribu th, g jaribu gh. Usigeuze tu kila kitu. Baada ya wiki alianza kusema "dhawadi" na "mdhee", kila z kaitilia ulimi baina ya meno, watoto wakamcheka mpaka wakakaa chini. Zawadi na mzee zina z kwetu na kwenu.

"Maneno ni yale yale, lafudhi tu ndo tofauti"

Turudi kwenye shamba. Bara shamba ni pale unapolima mahindi, unakwenda na jembe jioni unarudi. Mtu wa mjini Unguja akisema kenda shamba anaweza kuwa hana hata mche mmoja wa muhogo, maana yake katoka mjini, yuko kijijini. Kwa hiyo hata angeisikia ile kesha, mgeni angekaa kusubiri arudi jioni na jembe, kumbe mtu yuko nje ya mji.

Sokoni Darajani vile vile. Mama mdogo alimtuma tungule fungu moja, mbatata kilo, thomu na boflo mbili, akarudi na mfuko mtupu. Ni nyanya, viazi, vitunguu saumu na mikate. Hiyo thomu mimi naipenda zaidi kwa sababu ile sauti ya th imo ndani yake: kwa Kiarabu thum ndo chenyewe, na saumu kwa Kiswahili ni funga, kwa hiyo ukikisikiliza vizuri kitunguu saumu kinakuwa kitunguu kinachofunga Ramadhani.

Na mboga, jihadhari nayo mezani. Bara nyama nayo inaitwa mboga, huku nyama na samaki ni kitoweo, mboga ni mchicha na wenzake. Aliuliza "leo mboga gani?" akitaraji samaki, akaambiwa hamna, akala wali wake kwa huzuni na jodari yuko jikoni anakaangwa.

Sasa hivi karudi Arusha. Juzi kanitumia sauti kwenye Watsapu analalamika, kenda sokoni kaomba tungule, muuzaji kamuuliza, "Tungule ndiyo nini?"