Herufi moja kwa maneno matano: dhana potofu na ukweli

Chukua maneno haya: vuja, fuga, tega, piga, taga. Chemshabongo inakutaka utafute herufi moja ambayo ukiiongeza kwenye kila neno, bila kupangua wala kufuta chochote, unapata neno jingine. Nitashikamana na fumbo hili, maana makosa mengi ninayoyaona kwa wachezaji yamo humu.

Dhana: Jaribu herufi zote, kuanzia A hadi Z.

Hapo utachoka kabla hujafika katikati. Kiswahili chenyewe kinakupunguzia kazi, kwa sababu silabi zetu kwa kawaida huishia kwa irabu. Tazama piga: pi-ga. Ukitaka kuingiza K, utaiweka wapi? "Kpiga", "pkiga", "pikga", "pigak", zote hazitamkiki. Vivyo hivyo kwa T, S, L, R na wenzao. Konsonanti inayoweza kujipenyeza kwenye neno la sura hii ni M au N inayotangulia konsonanti, W au Y inayoifuata, na H inayounda sauti kama sh au th. Ongeza irabu tano, unabaki na herufi 10 tu za kufikiria. Maneno ya mkopo kama daftari na labda hayafuati utaratibu huu, kwa hiyo ukiona neno la namna hiyo kwenye fumbo, legeza kanuni.

Hii pia ndiyo sababu ya kuchagua vizuri neno la kuanza nalo. Lingekuwamo neno toa, lisingekusaidia: irabu zake mbili zimekaa pamoja, na katikati yake panaingia herufi nyingi. Toba, toka, tosa, zote ni maneno. Anza na neno bahili, lile lisilotoa nafasi kwa wengi.

Dhana: Herufi ikikubali maneno matatu au manne, hiyo ndiyo jibu.

Huu ndio mtego mkubwa, na kwa Kiswahili ni mkali kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu vitenzi vyetu hubadilika kwa herufi moja.

Jaribu W. Fugwa, tegwa, pigwa, tagwa: manne yamekubali mara moja, kwa kuwa W ni alama ya kutendwa. Lakini maji huvuja, hayavujwi. Vuja haina wa kutendwa, na hapo W inakufa.

Sasa jaribu I. Banda la kufugia, fimbo ya kupigia, kiota cha kutagia, tundu la kuvujia. Manne tena! Anayeharakisha ataandika I na kufunga daftari. Hata hivyo tega haikubali. Kitenzi chenye E au O kwenye mzizi huchukua E katika kauli ya kutendea, ndiyo maana tunasema chambo cha kutegea. "Tegia" si neno.

M nayo hukufikisha nusu njia: mfuga nyuki, mpiga picha, mtega samaki. Lakini maneno hayo hayakamiliki bila neno la pili, na fumbo linataka neno linalosimama peke yake.

Jibu ni N: vunja, funga, tenga, pinga, tanga. Na hakuna hata moja lililozaliwa na neno la awali. Kupinga hakutokani na kupiga, wala kuvunja na kuvuja. Mtunzi makini huweka makusudi neno moja la kuua W na jingine la kuua I. Ukikuta fumbo ambalo vitenzi vyake vyote vinakubali W, kosa ni la mtunzi, kwani limebaki na majibu mawili.

Dhana: Herufi hukaa mahali pamoja katika kila neno.

Hapa N imeangukia nafasi ya tatu kote, lakini ni kwa sababu ya sura ya maneno tuliyochagua. W inaweza kutangulia (ana, wana), kukaa ya pili (bana, bwana) au ya nne (piga, pigwa) ndani ya fumbo moja.

Dhana: Soma kwa sauti, sikio litakuonyesha.

Kwa N sikio husaidia. Kwa H linakupoteza, kwa sababu H haiongezi sauti mpya, inaibadilisha iliyopo. Soka na shoka hazifanani masikioni kiasi cha kumfanya mtu aone kwamba tofauti ni herufi moja tu ya karatasini. Ndivyo ilivyo kwa saka na shaka, suka na shuka, tamani na thamani. Ninalolipenda kuliko yote ni sindano: weka H baada ya S, upate shindano. Ukiona maneno kadhaa yenye S, T, D au G, acha kutamka. Yaandike, kisha iweke H kwa kalamu na uangalie.