Usaili wa MMI: dakika nane nyuma ya mlango mmoja

MMI, kifupi cha Kiingereza cha "Multiple Mini Interview", yaani usaili mfupi wa vituo vingi, ni aina ya usaili wa kuingia chuo cha udaktari. Mwombaji haketi mbele ya jopo moja kwa nusu saa au saa nzima, bali anapita mlango kwa mlango. Chuo huandaa vituo kadhaa, mara nyingi kati ya sita na kumi, kila kituo na chumba chake na msaili wake. Waombaji huanza pamoja, kila mmoja mlangoni pake. Swali limebandikwa mlangoni. Katika mpangilio wa awali, ambao bado unatumika sana Kanada, una dakika mbili za kusoma, kisha kengele inalia, unaingia, na una dakika nane. Kengele ikilia tena unatoka, hata kama neno bado liko mdomoni, unahamia mlango unaofuata. Vituo kumi vinakula dakika mia moja. Uingereza vyuo vingi hutumia vituo vifupi zaidi, vya dakika tano hadi saba, na kusoma kwa dakika moja au mbili.

Kwa aliyesoma Tanzania au Kenya, ambako wengi huingia udaktari kwa alama za mtihani wa taifa, jambo hili linaweza kuonekana kama mchezo wa kuigiza. Lina sababu yake.

Utaratibu huu ulibuniwa katika Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Ontario. Kevin Eva, Jack Rosenfeld, Harold Reiter na Geoffrey Norman waliueleza katika makala waliyochapisha mwaka 2004. Wazo lenyewe waliliazima kwenye ule mtihani wa vitendo wa vituo ambao wanafunzi wa udaktari wa Dar es Salaam na Nairobi wanauita oski, uliobuniwa na Ronald Harden huko Dundee, Uskochi, katika miaka ya sabini. Walichofanya McMaster ni kuuhamisha kutoka mwisho wa masomo hadi langoni, na kuuondolea maswali ya kitabibu. Mwombaji hatarajiwi kujua dawa wala ugonjwa.

Shida waliyotaka kuitatua ni hii: mtu mmoja haongei vivyo hivyo kila mahali. Anayeeleza vizuri kwa nini anataka udaktari anaweza kushindwa kabisa kumpa mtu habari mbaya. Katika jaribio lao la waombaji 117 na vituo kumi, mwombaji yuleyule alipanda na kushuka kutoka kituo hadi kituo zaidi kuliko waombaji walivyotofautiana wao kwa wao. Maana yake ni kwamba jopo lililomwona mtu mara moja, katika mazungumzo ya aina moja, halikuwa limempima mtu. Lilikuwa limepima mazungumzo yale. Dawa yake si kurefusha mahojiano bali kuyakatakata, kisha kila kipande kikapewa mtu mwingine asiyejua kipande cha kwanza kilikwendaje. Kwa hiyo msaili wa kituo cha tano hajui kwamba ulibabaika kituo cha nne, na hana njia ya kujua mpaka wewe uingie na uso wa msiba.

Tuchukue kituo kimoja tukifuate hadi mwisho, kile ambacho waombaji wengi hukiogopa: kituo cha mwigizaji. Karatasi ya mlangoni inasema hivi:

"Jirani yako, Bi. Helen, mwenye miaka 72, alisafiri wiki moja akakuachia funguo umlishie paka wake aitwaye Mimi. Juzi usiku ulisahau dirisha la jikoni wazi. Paka ametoka na hajaonekana tangu hapo. Bi. Helen amerudi sasa hivi na yuko sebuleni. Ingia uzungumze naye."

Zile dakika mbili za nje wengi huzitumia vibaya kwa kutunga hotuba. Zina kazi mbili tu. Kwanza, tambua kile unachojua ambacho Bi. Helen hakijui: paka hayupo, ni tangu juzi, na dirisha uliliacha wewe. Pili, angalia kile ambacho karatasi haikusema. Haikusema kwamba paka amekufa. Haikusema kama umemtafuta. La kwanza usilibuni. La pili utaulizwa, na ni salama zaidi kusema utafanya nini kuanzia sasa kuliko kujitungia kwamba umezunguka mtaa mzima.

Ukiingia, ndani kuna watu wawili. Mwigizaji anatabasamu na kukuuliza habari za nyumbani. Msaili ameketi pembeni na karatasi ya alama, na yeye si sehemu ya mchezo. Usimsalimie katikati wala usimtazame kutafuta msaada. Mwigizaji naye ana maelekezo yake: akiambiwa ukweli mapema, anyamaze kwa muda; akizungushwa, aulize, "Kwani Mimi yuko wapi?"; akiahidiwa kwamba paka atarudi, aseme, "Unanihakikishia?"

Hapa ndipo mzungumzaji wa Kiswahili hujikwaa kwa njia yake. Sisi tumelelewa kuifikisha habari mbaya kwa mzunguko: salamu ndefu, habari za safari, chai, kisha ndipo neno lenyewe. Sebuleni kwa shangazi hiyo ni heshima. Ndani ya dakika nane ni hasara, kwa sababu dakika ya tatu ikifika Bi. Helen bado anacheka nawe, na kila sekunde ya kicheko inafanya habari ionekane kama ulikuwa umeificha. Onyo moja tu linatosha, kisha neno: "Bi. Helen, tukae kidogo. Nina habari ambayo si nzuri. Mimi hayupo. Alitoka juzi usiku, na ni kwa sababu mimi nilisahau dirisha la jikoni wazi."

Tazama mwisho wa sentensi ile. Wengi huishia kwenye "dirisha lilikuwa wazi", kana kwamba lilijifungua lenyewe. Msaili anausikia ukwepaji huo mara moja, na mwigizaji atauliza nani aliyelifungua.

Kisha kaa kimya, sekunde tano hadi kumi. Ukiwa na wasiwasi zinaonekana kama dakika nzima, na kosa la kawaida zaidi kituoni ni kuzijaza. Mwombaji huanza kumwaga suluhisho: tutabandika matangazo, tutapiga simu kwenye makazi ya wanyama, nitakununulia mwingine. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Bi. Helen bado hajamlilia paka wake, na wewe umeshamwekea mbadala.

Akishasema neno, lolote, ndipo ujibu lile alilosema. Hapa Kiswahili kinakupa faida usiyoijua. Kwa Kiingereza "sori" hubeba mizigo miwili, ya kuomba radhi na ya kumhurumia mtu, na waombaji huitupa mara kumi bila kujulikana ni mzigo upi. Sisi tuna "pole" na tuna "nisamehe", na hatuchanganyi. Hata kama usaili ni kwa Kiingereza, vitenganishe kichwani, kisha viseme kama mambo mawili: kwamba unaona jinsi lilivyomuuma, na kwamba kosa ni lako. Radhi omba mara moja kwa uzito. Ukiirudia mara ya nne, Bi. Helen anaanza kukubembeleza wewe, na sasa mwenye msiba ni wewe.

Suluhisho lina nafasi yake, kuanzia kama dakika ya tano, tena kwa kumwuliza: paka alipenda kujificha wapi, ana alama gani, angependa muanze pamoja sasa au apumzike kwanza? Akikuuliza kama unamhakikishia, jibu la kweli ni hapana: "Siwezi kukuhakikishia. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba jioni hii nitakuwa nawe tukimtafuta." Ukimaliza kabla ya kengele, kaa naye. Kimya cha dakika moja hakikati alama. Kinachokata ni kurudia yaleyale kwa sababu saa bado inakwenda.

Alama hutolewa hapohapo, kwa mfano katika mizani ya 1 hadi 10 au 1 hadi 7 kutegemea chuo. Msaili haangalii kama Bi. Helen amefurahi. Mwigizaji anaweza kuwa ameelekezwa abaki na hasira hadi mwisho, na anayejaribu kumlazimisha asamehe ili "afaulu" huwa ameelewa kituo kinyume. Kinachopimwa ni kama ulisema ukweli mapema, ulisikia alichosema, na ulibadilika alipobadilika.

Kituo cha maadili kinafanana na hiki kuliko watu wanavyodhani, ila mwigizaji hayupo na anayebadilika ni swali. Mfano: mwanafunzi mwenzako anafanya kazi usiku ili alipe ada, anakuomba umsainie mahudhurio ya darasa la asubuhi. Mwombaji aliyekariri huanza kutaja kanuni nne za maadili ya tiba kama anayesoma tasbihi, na dakika tatu zimekwisha kabla mwanafunzi yule hajatajwa. Anayejua anaanza na watu: nani anaumia nikisaini, nani anaumia nikikataa, nini sikijui kuhusu hali yake. Kisha anafikia uamuzi na kuusema: sisaini, lakini nitakwenda naye kwa mshauri wa wanafunzi kuomba utaratibu mwingine. Kutotoa uamuzi kabisa, "inategemea" mpaka kengele, ni kosa kubwa kama kukurupuka nao. Msaili ana maswali ya ziada mkononi: je, kama angekuwa ameshakosa mara kumi? Kama mshauri amekataa? Hayo hayaulizwi kukuangusha. Yanaulizwa kuona kama sababu zako zinasimama jambo likisogezwa, au kama unaacha msimamo kwa kuwa tu umeulizwa tena.

Vyuo huwataka waombaji wasiyafichue maswali. Hata yakivuja, faida yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: McMaster walilichunguza jambo hili na kuona kwamba waliojua maswali mapema hawakupata nyongeza ya maana ya alama. Ukilirudia zoezi la Bi. Helen nyumbani utaona kwa nini. Mtu aliyekariri anamjibu Bi. Helen wa kwenye karatasi, ilhali huyu aliye mbele yake ameuliza kitu kingine. Mazoezi yenye faida yanahitaji mtu wa pili, saa ya dakika nane, na ruhusa kwa huyo mtu kuwa mgumu. Mwambie achague kimoja kati ya vitatu bila kukudokeza: alie, anyamaze, au akasirike. Kisha rekodi mazungumzo na usikilize kitu kimoja tu: tangu ulipotamka ukweli, ni sekunde ngapi zilipita kabla hujaongea tena.