Kwa nini keateka anataka barua kwa ajili ya kebo moja tu?

"Nimepanga bedsita mbili kwenye ghorofa moja hapa Kondele, Kisumu, na nataka kuvuta kebo ya mtandao kutoka moja hadi nyingine. Kwa nini keateka anataka nimwandikie, na niandike nini?"

Kwa sababu korido si yake. Karatasi hiyo ataipiga picha amtumie mwenye nyumba, naye atauliza utatoboa wapi, kama kebo itagusana na umeme, na nani ataiondoa ukihama. Yakijibiwa humo humo, keateka hana sababu ya kukuzungusha:

*Habari yako, mzee. Naomba ruhusa ya kupitisha kebo moja ya mtandao kutoka nyumba namba 7 hadi 11. Itapita juu ya milango kwa mita 18, ikishikwa na klipu kila sentimita 40. Nitatoboa tundu moja la milimita 8 kwa kila nyumba, kando ya fremu ya mlango, upande wa bawaba. Haitaingia kwenye bomba la nyaya za umeme. Nikihama nitaitoa, nizibe matundu na kupaka rangi. Asante.*

Upande wa bawaba umetajwa makusudi. Swichi ya taa kwa kawaida huwa upande wa kitasa, na waya wake umefukiwa ukutani hapo hapo. Ukitoboa juu kabisa ya mlango nako utakutana na linta, yaani zege lenye nondo.

Milimita 8 zinatosha kwa sababu kebo ya mtandao ya aina ya Cat 6 ina unene wa kama milimita 6. Plagi yake ndiyo pana, karibu milimita 12, kwa hiyo pitisha kebo kwanza, kisha ubane plagi. Wengi hununua kebo yenye plagi tayari, halafu wanaishia kutoboa shimo la kupita panya. Kama korido iko wazi kwa mvua, tundu liinamie nje.

Bomba la umeme usilikaribie hata likiwa na nafasi. Ganda la kebo ya mtandao halikutengenezwa kuhimili volti 240. Waya wa umeme ukichubuka humo, umeme unaweza kufika kwenye kompyuta yako, au kwenye mkono wako.

Kwa urefu, kwenye mita 18 ongeza 5 za kupanda na kushuka na 3 za akiba. Hizo 26 ziko mbali sana na kikomo cha kebo ya mtandao, mita 100. Klipu za korido ni 45 hivi.

Baada ya kuunganisha, angalia kasi ya kiungo kwenye kompyuta. Ikisoma 100 Mbps badala ya 1000, na vifaa vyote viwili vinaweza 1000, shuku jozi ya nyaya iliyokatika ndani ya kebo, kwani 1000 huhitaji jozi zote nne na 100 hutumia mbili tu. Anza kwa kubana upya plagi, kisha tafuta klipu iliyogongwa hadi ikaponda kebo.