Dhana potofu kuhusu karuseli, zile posti za Instagram zenye slaidi kadhaa: "Slaidi zikifanana, watu wataswaipu wenyewe"

"Nitengenezee slaidi saba zinazofanana, rangi ile ile, watu waswaipu." Agizo hili hutoka kwa wauza madera, wapika keki, hata wapakaji hina wa Mji wa Kale, na kila mmoja anaamini kuwa kufanana ndiko kunakomvuta mtazamaji. Siko.

Mpangilio unaofanana una kazi moja: kumpunguzia mtu kutafuta pa kuanzia kusoma. Kichwa kikianzia pale pale kila slaidi, nafasi ya kushoto ikiwa pikseli 100 tangu mwanzo hadi mwisho, na herufi zikiwa za saizi mbili tu, jicho linatulia. Basi. Kinachofanya kidole kisogee ni jambo ambalo halijaisha. Ukiweka picha saba za mikono mizuri, kila moja imekamilika yenyewe, anayeishia ya pili hajapoteza chochote, na anajua.

Kwa hiyo anza na karatasi, wala usifungue templeti. Sentensi moja kwa kila slaidi. Tuseme mpakaji hina anataka kueleza jinsi hina inavyokolea (hina ya majani, piko ni habari nyingine). Anachokuja nacho huwa hivi: nembo na "Karibuni", mikono mitano, kisha nambari ya simu. Hebu tuipange upya.

Ya kwanza: "Hina yako ilibaki rangi ya chungwa?" Ya pili: "Hina iliyooshwa baada ya saa moja haikolei." Ya tatu: "Iache saa 6 hadi 8, na ikianza kukauka…" Ya nne: "…ilowanishe na maji ya limau na sukari isibanduke." Ya tano: "Ikwangue. Maji yasiiguse siku nzima." Ya sita ni picha mbili za mkono ule ule, siku ya kwanza na siku ya pili. Ya saba: "Bibi harusi, pakwa siku mbili kabla," na hapo ndipo nambari inapokaa.

Angalia slaidi ya pili: inaeleweka hata kwa ambaye hakuona ya kwanza. Hiyo ni makusudi, kwa sababu Instagram wakati mwingine humrudishia mtu karuseli aliyoipita, safari hii ikianzia ya pili. Sentensi iliyokatwa nayo ni moja tu, kati ya tatu na nne. Ukizikata zote, msomaji anaona anachezewa.

Pale pale kati ya tatu na nne ndipo picha inapofaa kuvuka. Mkono ulale kutoka kiwiko kwenye ya tatu hadi vidole kwenye ya nne, mpaka wa slaidi upite kwenye kifundo. Usipitie katikati ya ua la hina wala kwenye neno, maana slaidi ikitulia mtu anaona nusu moja tu. Chora zote kwenye turubai moja ya pikseli 7560 kwa 1350, uweke mistari ya mwongozo kila pikseli 1080, ndipo ukate. Ukiona ufito mwembamba wa rangi kwenye mpaka, ama vipande havikukatwa kwa 1080 kamili, ama picha haikufika ukingoni.

Halafu mambo yaharibike wakati wa kupandisha! Slaidi zote hufuata umbo la ile ya kwanza. Ya kwanza ikikatwa mraba, zilizobaki zinakatwa juu na chini, na vichwa vyako vinakwenda navyo. Hakikisha ya kwanza iko 4:5 kabla ya kubonyeza mbele.

"Nafasi ni 20, tuzijaze." Hizo 20 ni kikomo. Hina imeisha kwa saba. Ya nane ingekuwa kurudia.

"Jalada likionekana vizuri kwenye fidi, yatosha." Kwenye ukurasa wa wasifu jalada huonyeshwa kwa 3:4, kwa hiyo picha ya 4:5 hupoteza kama pikseli 34 kila upande. Ukiwa na ile nafasi ya pikseli 100 kushoto na kulia, maandishi hayakatwi. Kona ya juu kulia pia iache wazi: hapo ndipo "1/7" inapojitokeza.

"Weka nembo kubwa na nambari kila slaidi." Jina la akaunti liko juu ya posti muda wote. Nembo ndogo kwenye kona ya chini inatosha, tena iwe pale pale kila slaidi, maana ikihama hata kidogo inaonekana kuruka mtu anapovuta.

"Bila mshale hawataswaipu." Mmoja kwenye slaidi ya kwanza hauna ubaya. Kuanzia ya pili, aliyefika hapo anajua njia.