Je, wajua? Picha moja haijui feri inaelekea wapi

*"Nachukua picha ya mwisho ya klipu ya kwanza naifanya picha ya kwanza ya klipu ya pili. Zinafanana kabisa. Mbona nikiziunga video bado inashtuka?"*

Kwa sababu picha hiyo inasema kitu kiko wapi, haisemi kinakwenda wapi wala kwa kasi gani. Mwendo haukai ndani ya fremu moja, unakaa katika tofauti ya fremu na fremu. Programu ya akili unde inayotengeneza video ikipewa fremu moja tu, mwendo inaubuni upya.

Nakiri kwamba mimi niliamini kinyume, tena nikawafunza wenzangu. Programu nyingi za akili unde hutoa klipu za sekunde chache tu, kwa hivyo anayetaka dakika nzima hana budi kushona. Nikajiambia mshono ni suala la kufanana: fremu ya mwisho na ya kwanza zikiwa pacha, nani atakiona kiungo? Hoja hiyo inaridhisha sana, mpaka uicheze video.

Simama ufukweni Mama Ngina, Mombasa, asubuhi utazame kivukoni. Feri za Likoni zina mlango wa magari mbele na nyuma, hazigeuki, zinakwenda na kurudi vilevile zilivyo. Ipige feri picha ikiwa katikati ya mkondo, kisha mwonyeshe mgeni ambaye hajawahi kuvuka, akwambie inakwenda Likoni au inarudi kisiwani. Atabahatisha. Akiwa na jicho atatafuta povu, kwa maana povu refu hubaki nyuma ya chombo. Povu likiwa limefichwa na mawimbi au limekatwa nje ya picha, hana la kushika. Programu nayo iko pale pale alipo mgeni huyo, ila yenyewe haioni haya kubahatisha.

Ndivyo yalivyonikuta. Nilikuwa natengeneza dakika moja ya kijana wa mkokoteni anayevusha mitungi ya maji kutoka Likoni: klipu 8 za sekunde 8, yaani sekunde 64, nikiacha sekunde 4 za kupunguza. Klipu ya tatu, feri inatoka kushoto kwenda kulia. Ya nne ikaanza na fremu ile ile, feri ikasimama kidogo, ikatafakari, ikaanza kurudi Likoni na abiria wake wote. Nikaitengeneza upya. Safari hii ilikwenda kulia, lakini ikaanza polepole kama inayong'oa nanga.

Kosa hili la pili ndilo baya, kwa kuwa halionekani wazi, linasikika tu kama kigugumizi. Ili kulipima, nilichagua bomba la moshi la feri nikalifuata fremu kwa fremu. Fremu 10 za mwisho za klipu ya tatu, bomba lilisogea pikseli 30, yaani 3 kila fremu. Fremu 10 za kwanza za klipu ya nne, lilisogea pikseli 4 zote kwa jumla. Kasi kamili ilirudi kwenye fremu ya 12 hivi. Juu ya hayo, fremu pacha ilikuwa inaonekana mara mbili mfululizo, jambo ambalo peke yake linatosha kufanya picha igande kidogo.

Dawa yake ya kwanza ni mkasi. Nilikata fremu 12 za mwanzo wa klipu ya nne, ambazo kwa fremu 24 kwa sekunde ni nusu sekunde. Sasa bomba linaruka mbele pikseli chache pale kwenye mshono, badala ya kusimama. Kwa macho yangu, kuruka kidogo kuelekea kule kule kitu kinakokwenda kunapita bila kuonekana, ilhali kusimama kunaonekana na kila mtu. Sidai kwamba ni kanuni: kitu kikiwa karibu sana na kamera, mruko huo huonekana. Mishono 7 ikikatwa nusu sekunde kila mmoja, sekunde 64 zinakuwa 60 na nusu.

Dawa ya pili ni kuipa programu zaidi ya picha moja. Baadhi zinakubali kurefusha klipu kwa kuitazama sehemu yake ya mwisho, na hapo mwendo unaonekana kwa sababu fremu ni nyingi. Nyingine zinakubali picha ya kuanzia na ya kuishia. Ukiweka feri kulia zaidi kwenye picha ya kuishia, umeondoa ubishi wa upande. Ikikubali picha moja tu, chagua ambayo povu linaonekana, hata kama si ya mwisho kabisa, kisha ukate klipu hapo. Fremu ya mwisho yenyewe huchopolewa hivi:

```
ffmpeg -sseof -1 -i klipu3.mp4 -update 1 mwisho.png
```

Na maelezo yaandikwe kwa lugha ya kioo. Nilikuwa naandika "feri inaelekea kisiwani", kana kwamba programu inakijua kisiwa. Andika "inatoka kushoto kwenda kulia ya picha". Hii inakulinda pia na kosa la zamani la wapiga filamu: ukihamisha kamera upande wa pili wa feri, utazame kutoka Mtongwe, feri ile ile sasa inakwenda kulia kwenda kushoto, na mtazamaji anadhani imegeuza. Baki upande mmoja wa njia yake.

Mwanga una ugonjwa wake. Ukichukua fremu ya mwisho, ukazalisha, ukachukua tena ya mwisho, ukazalisha, unafanya fotokopi ya fotokopi. Kila mzunguko unapoteza chembe na mara nyingi unakoleza rangi. Kufikia klipu ya sita kijana wangu alikuwa na ngozi ya rangi ya chungwa. Nikaacha mnyororo. Nilitengeneza picha moja ya asubuhi ile, na picha za kuanzia za klipu zote nikazitoa kwenye hiyo, si kwenye klipu iliyotangulia. Kuhakiki, ziweke fremu mbili za mshono ubavu kwa ubavu na uziondoe rangi. Weusi na weupe hausitiri: kama anga upande mmoja ni jivu na wa pili ni nyeupe, utaliona papo hapo.

Rangi na mwangaza husahihishwa kwenye programu ya kuhariri. Upande wa kivuli hausahihishwi. Kutoka Mama Ngina kuelekea kivukoni unatazama magharibi, kwa hivyo asubuhi jua liko mgongoni kwako na vivuli vinakukimbia. Katika klipu ya tano vivuli vilikuwa vinanijia: jua lilikuwa limechomoza Changamwe, upande wa magharibi. Hakuna kitelezi cha kuligeuza. Nilijaribu kufifisha picha moja ndani ya nyingine, nikapata feri mbili za mizimu zikipishana, kila moja na jua lake.

Nikazalisha upya nikiwa nimeandika "jua nyuma ya kamera, vivuli vinaelekea mbali". Majaribio matatu yalitoka vibaya, la nne likakubali, isipokuwa sekunde moja ya mwanzo. Hapo nilichomeka kamba ya feri iliyosokotwa kwenye nguzo, imejaa fremu nzima, haielekei popote na kivuli chake hakina pa kuangukia.